Aliona, alitazama au aliangalia? Jibu kwa karani wa Kariakoo

*Shikamoo mwalimu. Mimi ni karani katika ofisi ya wakili hapa Kariakoo, kazi yangu ni kuandika maelezo ya mashahidi. Nimerudishiwa karatasi ya mama mmoja muuza mihogo aliyeshuhudia ajali, kwa sababu kila mahali niliandika "niliona". Bosi anasema kuona, kutazama, kuangalia na kugundua si kitu kimoja. Kwangu mimi yote ni macho. Tofauti iko wapi, na inabadilisha nini kwenye maelezo? Nimekuwekea maneno ya mama mwenyewe na nilivyoyaandika.*

Marahaba, binti yangu. Bosi wako ana haki, ila angekueleza sababu kabla ya kukurudishia karatasi.

Anza na simu yako. Mtu akikutumia hela anakwambia, "Nimetuma, angalia." Unafungua ujumbe, hakuna kitu, unamjibu, "Nimeangalia, sijaona." Hakuna mtu Dar nzima atakayekuuliza umewezaje kuangalia usione. Sasa geuza maneno: "Nimeona, sijaangalia." Atadhani unamfanyia mzaha. Katika jibu hilo fupi la kila siku umeshatenganisha mambo mawili ambayo kwenye karatasi uliyachanganya. Kuangalia na kutazama ni kazi. Wewe ndiye unayeyaelekeza macho, unaamua yaende wapi na yakae huko muda gani. Kuona ni kile kinachokufikia, uwe umekitafuta au hukukitafuta. Unaweza kutazama saa nzima usione, na unaweza kuona kitu ambacho hukuwa unakitazama kabisa, kama dereva anayeona kwa pembeni mtu akiruka mtaro.

Ukitaka kuipima tofauti hii mwenyewe, chukua neno "acha". Msichana kwenye daladala anaweza kumwambia mtu, "Acha kunitazama." Hawezi kumwambia, "Acha kuniona," kwa sababu kuona si kitu ambacho mtu anakishika na kukiachia. Vivyo hivyo mtu hutazama kwa makusudi, kwa siri, kwa jeuri. Lakini huona vizuri, kwa shida, kwa mbali. "Aliniona kwa makusudi" haisemeki. Na ukikanusha, maana zinaachana kabisa. "Hatazami" ni mtu aliyegeuza uso. "Haoni" anaweza kuwa kipofu, na ndiyo maana tuna shule za wasioona na hatuna shule za wasiotazama.

Wahenga waliligawa jambo hili vizuri. Mwenye macho haambiwi tazama, kwa sababu kutazama ni kitu unachoweza kumwamrisha mtu, na huyu hahitaji amri. Lakini ukiona vyaelea, vimeundwa. Hapo hakuna aliyeamrishwa kutazama, vyombo vimekujia machoni navyo viko majini tayari, na kinachotakiwa ni akili yako ifanye kazi juu ya ulichokiona. Utaniambia kwamba "ona" nayo tunaiamrisha, na ni kweli. "Ona sasa!" "Ona ulichofanya!" "Hebu mwone!" Lakini sikiliza vizuri: ukimwambia mtoto "ona ulichofanya", maziwa yaliyomwagika yako mbele yake na ameshayaona. Humtumi kutafuta. Unamtaka akubali na aone uzito wake.

Sasa tufungue karatasi. Mama alisema hivi, kwa mwandiko wako:

"Nilikuwa nakaanga mihogo. Kila mara naangalia kituoni kama gari za wanafunzi zimefika, maana ndio wateja. Nikaona bodaboda inatoka upande wa Magomeni. Nilimtazama yule dereva mpaka anakaribia pale kwenye zebra. Kofia sikuona. Nikaona huyu amelewa. Mara nikasikia kishindo. Nilipokwenda ndipo nikagundua aliyegongwa ni mtoto wa jirani yangu."

Wewe ukaandika: "Niliona kituoni. Niliona bodaboda ikitoka upande wa Magomeni. Niliona dereva. Dereva hakuvaa kofia. Niliona dereva amelewa. Niliona mtoto wa jirani yangu amegongwa."

Mama katumia vitenzi vinne, wewe umebakiza kimoja. Na kila ulipofuta kimoja, umefuta na jambo ambalo wakili atalihitaji.

"Niliona kituoni" ndiyo sentensi iliyokufa kabisa, na sarufi yenyewe inakwambia. Kuona kunadai kilichoonwa. Kutazama na kuangalia vinaweza kuridhika na upande tu: alitazama nyuma, aliangalia juu, walitazama baharini. Ukisema "aliona nyuma", msikilizaji anasubiri umalizie, aliona nini huko nyuma? Mama hakusema kwamba kituoni kulikuwa na kitu. Alisema macho yake yalikuwa na kawaida ya kwenda kule, yakirudi kwenye karai, yakienda tena. "Kila mara naangalia" ni macho yanayokatizwa na kazi. Wakili wa upande wa pili akiwa na akili timamu atalikamata neno hilo: mama, ulikuwa unakaanga, mafuta ya moto yako mbele yako, ulikuwa unaangalia barabara kwa muda gani kabla ya kurudisha macho? Ni afadhali swali hilo lijulikane ofisini kwenu mapema kuliko likawakute mahakamani.

Na kwa nini alisema "naangalia kituoni", halafu sentensi mbili mbele akasema "nilimtazama dereva"? Watu wengi watakwambia tazama na angalia ni kitu kimoja, moja ya kitabuni na moja ya mtaani. Kuna ukweli kidogo. Hapa Dar "angalia" imetawala mazungumzo, na ukimwambia kijana wa Sinza "nilikuwa natazama tivii" atakuona umekuja jana kutoka Unguja, kule ambako utasikia hata "kutizama". Vijana wenyewe siku hizi wana "kucheki", inayofanya kazi za angalia karibu zote. Katika sentensi nyingi ukibadilisha moja kwa nyingine hakuna kinachoharibika. Msemo wa kwamba usiangalie ulipoangukia, angalia ulipojikwaa, wengine huusema kwa "tazama" na maana inabaki ile ile.

Lakini kuna mahali yanaachana. Simama kando ya barabara pale Manzese, mtu apige kelele, "Angalia gari!" Utaruka pembeni. Akipiga kelele, "Tazama gari!" utageuka kuona ni gari gani hilo la ajabu, na huenda likakupitia. Angalia ina tahadhari ndani yake: angalia usiteleze, angalia wasikuibie. Kutokana na hiyo tunapata mwangalifu na uangalifu, na mgonjwa mahututi huwekwa kwenye chumba cha uangalizi maalumu. Uchaguzi una waangalizi, watu wanaokagua kama mambo yanakwenda sawa. Televisheni ina watazamaji, ambao hawana dhamana yoyote juu ya kinachotokea kwenye kioo. 

Angalia pia ndiyo inayobeba kuhakikisha. "Kaangalie kama maji yametoka" ni kazi ya kwenda bombani, kufungua, kurudi na jibu. Ndiyo angalia ya mama: "naangalia kituoni kama gari zimefika." Lile "kama" linaloifuata ndilo la kushika, kwa sababu linaonyesha alikuwa anatafuta jibu la swali. Hakuwa anafuatilia magari kwa ujumla, alikuwa anatafuta gari za wanafunzi. Bodaboda ilimjia machoni akiwa katika shughuli nyingine, ndiyo maana kwa bodaboda akasema "nikaona". Mama huyu hajasomea isimu, lakini vitenzi vyake vimekaa mahali pake kuliko vya waandishi wengi wa habari ninaowasoma.

Halafu akahamia kwenye "nilimtazama yule dereva mpaka anakaribia pale kwenye zebra". Hapa ndipo kutazama kunakuwa kulishika jambo kwa macho, yaani kukaa nalo likiendelea. Kiswahili hakina kitenzi cha peke yake kwa ajili ya kukaa na jambo namna hiyo. Tunatumia tazama au angalia ile ile, halafu muda tunauonyesha kwa vitu vingine vilivyoko kwenye sentensi. "Nilimtazama nikaondoka" ni mara moja. "Nilimtazama mpaka akapotea kwenye kona" ni muda mrefu. "Nilikuwa naangalia mechi" ni jambo lililokuwa likiendelea, na ndani yake kinaweza kutokea kitu ukakikosa. Waliokaa kwenye kibanda umiza umeme ukakatika dakika ya mwisho wanasema, "Mechi nimeangalia, goli sijaliona," na sentensi hiyo haina mgongano wowote.

Muda ukirefuka zaidi, siku au wiki, tunaiacha tazama tunachukua "fuatilia". Jambo likiwa la kulinda, angalia inavaa nyongeza: pale stendi ya Mbezi unamwambia abiria mwenzako, "Niangalizie begi, nakwenda msalani." Hapo hakuna anayemtaka alikazie macho begi bila kupepesa. Anaweza kuwa anasoma gazeti. Anachopewa ni dhamana. Shahidi akikwambia, "Aliniambia nimwangalizie pikipiki," usiandike "aliniambia niitazame pikipiki". Umemwondolea wajibu, na huenda kesi nzima inasimama juu ya wajibu huo.

Muda mfupi kabisa nao una maneno yake: kutupa jicho, kuchungulia. Na kuna kukodoa macho na kukazia macho, ambako mtazamaji hataki kuachia. Shahidi akiyatumia yaandike kama yalivyo, kwa sababu ni vipimo vya muda alivyokupa bila kuulizwa.

Kwa nini nakazania muda? Kwa sababu mahakama nayo inaukazania. Mwaka 1980 Mahakama ya Rufani ya Tanzania ilitoa hukumu kuhusu utambuzi wa macho ambayo mawakili wa jinai huitaja mpaka leo. Iliorodhesha mambo ambayo hakimu anapaswa kuyapima kabla ya kumwamini shahidi anayesema "ni huyu": shahidi alimtazama mtu huyo kwa muda gani, kutoka umbali gani, mwanga ulikuwaje, na kama alikuwa amewahi kumwona kabla. Linganisha sasa na karatasi yako. Mama alisema "nilimtazama mpaka anakaribia zebra". Hapo kuna muda, na ukimuuliza dereva alianza kumtazama akiwa wapi, kuna umbali. Wewe ukaandika "niliona dereva". Jibu la maswali mawili kati ya yale manne lilikuwa mkononi mwako ukalitupa.

Na hata hilo "niliona dereva" lina kasoro nyingine ndogo. Mama alisema "nilimtazama yule dereva", pana "-m-" pana na "yule". Ni mtu mmoja maalumu. Kwa binadamu Kiswahili sanifu kinadai "nilimwona", na kwa vitu kiambishi hicho ndicho kinachokwambia kwamba ni kile kile tunachokizungumzia: "niliona bodaboda" ni bodaboda fulani imetokea, "niliiona bodaboda" ni ile tunayoijua. Kwa hiyo sentensi ya mama ya "nikaona bodaboda" iko sawa bila kiambishi, kwa sababu ndipo bodaboda inapoingia kwenye kisa. Kwa jambo hilo hilo, uwe makini na neno lenyewe: mtaani "bodaboda alikuja" ni dereva, "bodaboda ilikuja" ni chombo.

Sasa tufike pagumu: "Nikaona huyu amelewa."

Ona haikai machoni peke yake. Tunaona njaa, tunaona baridi, tunaona aibu, na tunaona kwamba bei imepanda mno. Maoni ya wananchi yametoka humo humo, na hakuna anayedhani ni mambo waliyoyashuhudia. Kwa hiyo kila unapokutana na "niliona" kwenye mdomo wa shahidi, kuna uwezekano mbili: jicho lake liliona, au akili yake ilihukumu. Katika mazungumzo ya barazani hakuna anayejali. Katika maelezo ya shahidi ndiyo roho yenyewe. Sheria ya Ushahidi, Sura ya 6, inataka ushahidi wa mdomo uwe wa moja kwa moja: kama ni jambo la kuonwa, lisemwe na yule anayesema aliliona yeye mwenyewe. Ulevi wenyewe hauonwi. Kinachoonwa ni mtu akiyumba, macho mekundu, chupa mkononi.

Bahati nzuri sarufi yetu ina njia ya kuyatenga. Jicho linapofanya kazi, kitenzi kinamshika mtu, halafu tendo linafuata kwa "-ki-": "Nilimwona akiyumba." Au hali inafuata kwa "-me-": "Nilimwona amelala chini." Akili inapohukumu, tunaweka "kwamba" au "kuwa", au tunaacha mtu asishikwe na kitenzi: "Niliona kwamba amelewa." Jaribu kubadilisha uone. "Nilimwona akivuka barabara" inataka macho yangu yawe pale anapovuka. "Niliona kwamba amevuka barabara" naweza kuisema nikiwa nimemkuta upande wa pili tu, sikumwona hata hatua moja. Ya kwanza ni ushahidi wa kuvuka. Ya pili ni hesabu niliyoipiga mwenyewe.

Mama alisema "nikaona huyu amelewa". Hakusema "nikamwona". Kwa sikio langu hiyo ni hukumu, sawa na "nikasema moyoni huyu amelewa". Lakini sikio langu halitoshi, kwa sababu watu wa Dar katika usemi wa haraka huangusha kiambishi wakati wowote. Hapo karani hatakiwi kuamua. Anatakiwa kuuliza: mama, uliona nini kilichokufanya useme amelewa? Akijibu alikuwa anakwenda huku na huku, andika alimwona akienda huku na huku. Akijibu ni kawaida yao hawa vijana, basi umejua thamani ya sentensi hiyo kabla wakili hajaitegemea.

Kuna kitenzi kimoja cha familia hii ambacho hukukitumia, lakini utakitumia kesho, kwa hiyo nikukanye mapema: "onekana". Taarifa za ajali zimejaa "dereva alionekana amelewa". Alionekana na nani? Onekana ina kazi tatu kwa mpigo. Kitu kinaonekana, maana hakuna kinachokizuia. Kitu kilionekana, maana kuna watu walikiona. Na mtu anaonekana amechoka, maana ndivyo ninavyodhani. Katika zote tatu mwonaji hayupo. Linganisha na "alionwa", ambayo kila ukiisema masikio yanasubiri "na fulani".

Mfano ulio wazi kuliko wote tunaupata kila mwaka mwishoni mwa Shaaban. Jioni hiyo watu hutazama mwezi. Mwezi mwandamo hukaa magharibi kidogo tu baada ya jua kuzama, kwa hiyo kwa Dar haupo upande wa bahari. Wanaoutafuta hupanda juu ya maghorofa au husimama mahali pa wazi wakielekea Kimara na Kibaha. Wanautazama wote, na mara nyingi hakuna anayeuona. Usiku watu wanaulizana, "Mwezi umeonekana?" Swali hilo halijali nani kauona, linataka kujua kama kesho kuna kufunga. Lakini wanaohusika na kuupokea ushahidi wake hawawezi kuridhika na "umeonekana". Wao wanauliza umeonwa na nani, wapi, na kama mtu huyo anaaminika. Karani wa wakili yuko upande wa hawa wa pili. Ukiandika "alionekana", jiulize ni nani umemficha.

Tumebakiwa na kofia na kugundua, na haya ndiyo mambo ya kutanabahi, yaani kitu kuingia akilini pamoja na kuingia machoni. Hapa pia Kiswahili hakina neno moja la kumaliza kila kitu, na katika ukanushi ndipo ona inapokuwa ya hatari.

"Kofia sikuona" inaweza kuwa na maana mbili. Ya kwanza: nilimtazama kichwani, kichwa kilikuwa kitupu. Ya pili: sikuwa na mawazo ya kofia, kama ilikuwepo au haikuwepo sijui. Wewe ukaichagua ya kwanza kimya kimya, ukaandika "dereva hakuvaa kofia". Huenda ni kweli. Lakini umemfanya mama aape juu ya jambo ambalo labda hakuliangalia. Akiulizwa mbele ya hakimu, "Una hakika hakuvaa?" akajibu, "Mimi nilisema sikuona," maelezo yenu yote yameanza kutiliwa shaka, hata yale ya zebra aliyoyasema kwa uhakika. Swali lake ni jepesi: mama, kichwa chake ulikitazama? Akisema ndiyo, kilikuwa wazi, andika "nilimtazama kichwani, hakuwa amevaa kofia". Akisema hakuangalia huko, andika "sikuangalia kama alikuwa amevaa kofia". Hizo ni sentensi mbili zinazokwenda njia tofauti kabisa.

Kuhusu kugundua, hapa mama ndiye aliyeteleza kidogo, na ni mtelezo wa mji mzima. Kugundua kunataka kitu kilichofichika au kisichojulikana: fundi anagundua waya uliokatika ndani ya ukuta, mkaguzi anagundua risiti za kughushi. Siku hizi limekuwa neno la kila kitu, mpaka mtu "anagundua" kwamba mvua inanyesha. Alichokifanya mama ni kutambua. Alimfikia mtoto, akaulinganisha uso na uso anaoujua, akajua ni mtoto wa jirani. Kutambua kunadai ujuzi wa kabla, ndiyo maana mtu anaweza kusema "nilimwona lakini sikumtambua", na ndiyo maana polisi wana gwaride la utambulisho. Kama mama angekuwa ameunganisha dalili, ameona kiatu, kisha mkoba, kisha akajua ni nani kabla ya kuuona uso, hiyo ni "nikang'amua". Na kama ufahamu ungemjia kwa ghafla asijue hata umetokea wapi, mtaani angesema "nikashtukia". Angalia pia mpangilio wa mambo: alisikia kishindo kwanza, akaenda, ndipo akamtambua. Wewe uliandika "niliona mtoto wa jirani yangu amegongwa". Msomaji atadhani aliona mgongano. Hakuuona. Aliusikia.

Hilo la mwisho ndilo kubwa kuliko yote, na limejificha ndani ya neno dogo. Kati ya "nilimtazama mpaka anakaribia" na "nikasikia kishindo" kuna nafasi ambayo macho ya mama hayakuwa barabarani. Labda aligeuza mihogo. Shahidi wenu ni shahidi wa kabla na wa baada, na bosi wako akijua hivyo atatafuta mtu mwingine wa kuziba katikati.

Usidhani ni ukali wangu tu. Zamani, kwenye mahakama za juu ya ile ya mwanzo, shahidi alisema kwa Kiswahili na kumbukumbu zikaandikwa kwa Kiingereza, na vitenzi hivi vilikuwa vinabadilika njiani kabla hakimu wa rufaa hajavisoma. Tangu sheria ilipobadilishwa mwaka 2021 Kiswahili kikawa lugha ya mahakama, neno la shahidi linaweza kufika mbele kama lilivyotoka mdomoni. Linapopotea sasa, limepotea mezani kwa karani.

Kwa hiyo, endapo mama atajibu kama ninavyokisia, ningeyaandika hivi:

"Nilikuwa nakaanga mihogo kando ya kituo. Mara kwa mara niliangalia kituoni kama magari ya wanafunzi yamefika. Ndipo nikaona bodaboda ikitoka upande wa Magomeni. Nilimtazama dereva wake mpaka alipokaribia zebra. Nilimwona akiyumba huku na huku, nikadhani amelewa. Sikuangalia kama alikuwa amevaa kofia. Nikarudisha macho kwenye karai. Nikasikia kishindo, sikuona namna mtoto alivyogongwa. Nilikwenda pale, nikamtambua mtoto aliyelala chini kuwa ni wa jirani yangu."

Sentensi tatu humo, ya kuyumba, ya kofia na ya karai, ni zangu mpaka mama azithibitishe, na usiziache ziende kwa wakili hivi hivi. Rudi kwake asubuhi kabla wateja hawajajaa, na usimuulize "uliona nini?" kwa sababu atakurudishia "niliona" zako zile zile. Muulize macho yake yalikuwa wapi bodaboda ilipofika zebra. Kisha msomee maelezo yote kwa sauti, polepole, ndipo aweke dole gumba.